Ukimpita tena mtu mzima uliyemwamkia asubuhi, unamwamkia upya? Wa Tanga nisaidieni

MgeniNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Mimi kwetu Sumbawanga, nimehamia Tanga kikazi, nimepanga chumba Ngamiani kwenye nyumba ya Kiswahili. Nyumba ya jirani kuna bibi mtu mzima sana, anakaa barazani tangu jua halijakolea mpaka magharibi. Akiingia ndani ni kuswali au kula, kisha anarudi palepale. Mimi niende dukani, gengeni, nikachukue bajaji, lazima nipite mbele yake.

Asubuhi hainisumbui. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Tunamaliza, naenda zangu. Kazi inaanza nikirudi. Mwanzoni nilikuwa namwamkia kila nikipita. Siku moja akaniitikia, kisha akasema, "Lakini si ushaniamkia, mwanangu?" Wenzake wakacheka. Nikaona basi, kumbe mara moja yatosha, nikawa napita kimya nikiinamisha kichwa kidogo. Haikupita wiki mama mwenye nyumba akaniita uani: bibi anauliza yule mpangaji kanuna nini.

Sasa nishike lipi? Kwetu ukishamsalimia mtu asubuhi, mkikutana tena mnacheka tu mnapita, hakuna anayenuna.

Kijana_wa_Sahare
Dada usijipe presha na watu. Mimi mtu nikimpa "mambo" asipoitika, kwangu amekufa. Kuna mabinti wa mtaa wa pili hapa unawasalimia wanakutazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, kisha kimya. Nilishaacha siku nyingi.

Mtoto_wa_Makorora
Mkuu soma uzi. Bibi wa watu anaitika vizuri kabisa, tena anaitika mpaka amechoka kuitika. Swali ni mara ya pili, siku hiyohiyo.

Kijana_wa_Sahare
Ahaa. Basi mara ya pili mi nampa dole gumba.

Mtoto_wa_Makorora
Bibi wa miaka themanini unampa dole gumba 😂 Haya.

Ustadh_Duga
Dada, jawabu lake liko wazi na halina ugomvi. Katika Sunan Abi Dawud imekuja hadithi ya Abu Huraira kwamba mmoja wenu akikutana na ndugu yake amsalimie, na wakitenganishwa na mti au ukuta au jiwe kisha wakakutana tena, amsalimie tena. Umeona? Ukuta tu. Wewe umekwenda mpaka dukani, kuta ngapi hizo?

Tena ipo ile iliyo mashuhuri zaidi, imo kwa Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeingia msikitini akaswali harakaharaka, akaja akamsalimia Mtume, akaitikiwa, akaambiwa rudi ukaswali kwani hukuswali. Akarudi, akaswali, akaja akasalimia tena. Mara tatu, na kila mara aliitikiwa. Hakuambiwa "si ushasalimia". Kwa hiyo shikamoo yako uitoe kila ukipita, na anayecheka ndiye hajui.

MgeniNgamiani
Asante ustadhi. Ila mimi ni Mkristo, na aliyesema "si ushaniamkia" ni bibi mwenyewe, kavaa kanga zake na tasbihi mkononi. Siwezi kwenda kumwambia yeye ndiye hajui.

Mtoto_wa_Makorora
Hapa anatakiwa Bi Ukaya. Bi Ukaya, shikamoo, njoo huku kuna mtoto wa watu anahangaika.

Bi_Ukaya
Marahaba. Nimewasoma tangu juu, nilikuwa napika.

Ustadhi, hadithi umeileta sawasawa na mimi siwezi kuipinga. Lakini umechanganya mambo mawili. Hadithi inasema juu ya salamu, ile asalamu alaikum. Hiyo kweli irudie utakavyo, mkubwa kwa mdogo, mdogo kwa mkubwa, hata mkitenganishwa na mlango wa chumba. Sisi wenyewe humu ndani mtu akitoka ukumbini akienda uani akirudi anatoa salamu, na hakuna anayemshangaa. Shikamoo ni kitu kingine. Haikuja na dini, ni ada yetu ya kumwamkia mkubwa. Na kuamkia ni kama kumfungulia mtu mlango wa siku: ukishaufungua hauufungui tena wakati u wazi.

Ndiyo maana yule bibi alikwambia "si ushaniamkia". Hakukugombeza, mwanangu. Ukimwamkia mtu mzima upya baada ya robo saa anajiuliza mambo. Je, huyu hakuniona asubuhi? Alikuwa ananiamkia huku mawazo yako mbali? Au ana shida anaizungukia, anataka kukopa? Watu wazima wanalijua hilo, kijana anayekuamkia mara tatu mbiombio mara nyingi ya nne anaomba mia tano.

Lakini kunyamaza nako ndiyo kosa kubwa zaidi. Barazani mtu hakai kwa kukosa kazi tu. Anakaa aonane na watu. Ukimpita kimya umemfanya nguzo ya nyumba. Kuinamisha kichwa kwa macho ya miaka themanini hakuonekani, ujue. Yeye anaona mtu anapita anatazama chini. Mtu anayetazama chini ama amenuna ama ana jambo.

Kwa hiyo mara ya pili husalimii kwa shikamoo, unasema neno la njiani. Unampa habari ya pale ulipo: watoka wapi, wenda wapi, jua, mvua, foleni ya maji. "Bibi, nafika dukani." Yeye atasema "haya mwanangu", na imetosha. Ukirudi, "nimerudi bibi", ukitaka. Kama una haraka, "napita bibi", nayo ni heshima.

MgeniNgamiani
Shikamoo bibi, asante sana. Kwa hiyo hata akiniuliza "wenda wapi?" si umbea? Maana huwa ananiuliza kila siku na mimi nilikuwa naona ananichunguza.

Bi_Ukaya
Marahaba. Si umbea. Wala hataki anwani ya unakokwenda. Sema "hapo mbele tu bibi" au "nafika sokoni mara moja". Hata ukienda Mgandini kununua samaki ukasema "hapo mbele" hujadanganya. Akiuliza amekutangulia, maana yake wewe ulichelewa kusema neno.

Mtoto_wa_Makorora
Na ukiwakuta wanakula kahawa na kashata wakakwambia "karibu", usisimame ukaanza kujieleza kwamba umeshakula. Sema "starehe", unapita. Wageni wengi wanasimama pale wanatoa maelezo mpaka kahawa inapoa.

Zamu_ya_Usiku
Mimi langu ni la kazini, sijui kama linaingia humu. Ni muuguzi, naingia zamu nakuta jamaa wa wagonjwa wengi ni watu wazima. Asubuhi nawaamkia wote. Baada ya hapo nampita mama mmoja kwenye korido labda mara ishirini, na kila mara ananitazama usoni kama anasubiri kitu. Nikisema "za saa hizi mama?" ananishika mkono ananianzishia habari ya mgonjwa wake toka alipoanza kuumwa mwaka juzi. Nikinyamaza anasema manesi wa siku hizi wana kiburi. Nifanyeje?

Bi_Ukaya
Wewe lako ni tofauti kidogo. Huyo mama hasubiri salamu, anasubiri habari. Mtu mwenye mgonjwa ukimuuliza "za saa hizi" umemuuliza kweli, atakujibu kweli. Mpe neno lisilouliza. "Pole mama." "Tupo naye mama." Unasema huku miguu inatembea. Swali linasimamisha watu, pole haisimamishi.

Zamu_ya_Usiku
Hilo la swali na pole sikuwahi kulifikiria. Nitajaribu.

Mhasibu_Chumbageni
Kwetu ofisini ni rahisi. Asubuhi salamu kamili, baadaye ukikutana na mkubwa kwenye ngazi ni "mkuu", naye anasema "naam", kila mtu anaendelea. Sijaona mtu kanuna.

Ustadh_Duga
Bi mkubwa, shikamoo. Nakubali shikamoo si salamu ya dini, ila nina swali. Mimi nikimtolea yule bibi asalamu alaikum kila nikipita, atachoka?

Bi_Ukaya
Marahaba. Hatochoka, ataitika na thawabu atapata. Tena ndivyo wanavyofanya vijana wengi hapa mtaani. Asubuhi wanaziweka pamoja, "asalamu alaikum, shikamoo bibi". Baada ya hapo inabaki salamu peke yake, na "za tangu asubuhi?" ikiwa kuna nafasi. Kwa hiyo wewe na hadithi yako mko salama. Ila huyu binti ni Mkristo, usimlazimishe. Yeye "bibi, napita" yake ni nzuri vilevile.

MgeniNgamiani
Naomba niulize zaidi maana mnanifungua macho. Je, siku nzima inahesabiwa ni moja? Mfano nimemwamkia saa 1 asubuhi, nimekwenda kazini, narudi saa 11 jioni. Hapo ni "napita bibi" tu?

Bi_Ukaya
La, hapo mmepotezana kutwa nzima. Ngoja nikupitishe siku yako yote uone.

Saa 1 asubuhi unatoka: shikamoo, marahaba, umeamkaje, salama. Simama kidogo, usiseme huku umeshampa mgongo. Ukisahau kitu ukarudi baada ya dakika mbili, cheka tu, "nimesahau funguo bibi". Ukitoka tena, "haya bibi, naenda sasa". Naye atakwambia "haya, Mungu akutangulie".

Kama ni siku ya mapumziko upo nyumbani, umekwenda gengeni umerudi na mchicha, usipite kimya. "Leo nyanya zimepanda bibi." Utaona atakavyokuchangamkia, maana hapo umempa kitu cha kuzungumza na wenzake.

Adhuhuri ikishapita, siku imegeuka. Ukimkuta baada ya hapo, "bibi, za tangu asubuhi?" Hii ndiyo salamu ya mara ya pili hasa, na ndani yake unamwambia nakumbuka kwamba tulionana. Jioni ukirudi kazini, "umeshindaje bibi?" au "za kutwa?" Subiri jibu, kwa sababu yawezekana kashinda vibaya. Usiku ukipita kufunga mlango, "haya bibi, tulale salama". Ukihesabu utaona umesema naye mara sita au saba na shikamoo ni moja tu.

Kijana_wa_Sahare
Sasa kuna bibi mwingine kwetu ukimwambia "za tangu asubuhi" anakwambia "shikamoo imekwenda wapi?"

Bi_Ukaya
Wapo. Na mwenye kutaka shikamoo yake mpe, haina bei. Nyumba hazifanani.

Mlimani_Lushoto
Niongeze la kwetu Usambaani. Kilugha chetu salamu inakwenda na wakati: ya asubuhi siyo ya mchana, na ya mchana siyo ya jioni. Kwa hiyo mtu yuleyule unamsalimia salamu kamili asubuhi, na jua likigeuka unamsalimia salamu kamili nyingine, hakuna anayesema "si ushanisalimia". Nilivyoshuka Tanga mjini kusoma nilikuwa natoa shikamoo asubuhi, mchana na jioni kwa mpango uleule wa kwetu. Naona na huyu dada huenda ndivyo anavyofanya kwa asili ya kwao.

Mtoto_wa_Makorora
Hata hapa mjini zipo zile za wakati. Babu yangu ukimwambia sabalkheri asubuhi, jioni lazima umpe masalkheri, hata kama mmeshinda naye ukumbi mmoja mnatazamana. Lakini hiyo kwake ni tofauti na shikamoo, shikamoo ni moja.

MgeniNgamiani
Kwetu si hivyo kaka wa Lushoto, mimi nilikuwa naogopa tu kuonekana sina adabu, nikaona bora izidi.

Sasa jingine. Jana jioni niliporudi nikamkuta bibi ana wageni wawili, mmoja mzee wa kiume sijawahi kumwona. Bibi nilishamwamkia asubuhi. Wale wawili bado. Nikabaki nimesimama. Nikiwaamkia wao peke yao namruka bibi, nikiwaamkia wote naambiwa tena "si ushaniamkia".

Bi_Ukaya
Hapo ndipo shikamoo ya pili inapohalalika. Sema "shikamooni". Wote wataitika, na bibi ataitika pamoja nao, wala hatohesabu, kwa sababu umeiamkia baraza. Kisha ukishaitikiwa, mgeukie yeye peke yake, "umeshindaje bibi?" Hilo linawaonyesha wageni kwamba nyinyi ni watu wa pamoja, na yeye atafurahi mbele ya wageni wake. Atawaambia "huyu jirani yangu". Usipofanya hivyo, ukamwamkia mzee wa kiume peke yake ukamwacha mwenye baraza, hapo utasikika umenuna mpaka Chuda.

Na jambo jingine la kurudia: ukimfuata kwake. Ukimpita njiani ni kupita. Lakini jioni ukivaa kanga ukaenda kumtembelea, ukapiga hodi, ukakaribishwa ndani, hapo umekwenda kama mgeni. Mwamkie, hata kama ni mara ya pili. Na kama kati ya asubuhi na jioni kumetokea msiba au kaugua, basi salamu zote zinawekwa pembeni, unaanza na pole.

Mhasibu_Chumbageni
Hapo kwenye kumtembelea mimi sikubaliani. Mama yangu mkubwa nakwenda kwake jioni baada ya kuonana sokoni asubuhi, nikimwamkia anasema "tulishaonana leo". Tunaendelea na mazungumzo.

Bi_Ukaya
Huyo ni mama yako mkubwa, damu yako. Binti huyu ni mpangaji wa jirani. Mtu wa karibu unampunguzia, mtu wa mbali unamwongezea. Miaka mitano akikaa hapo naye ataambiwa "tulishaonana".

Mhasibu_Chumbageni
Sawa, ila mimi naona kwa mgeni wa mji ndiyo itamchanganya zaidi. Mara moja barazani, mara mbili ndani, mara tatu wakiwa wengi. Bora achague moja.

Ustadh_Duga
Achague salamu alaikum 😀

FundiKengele
Wenyewe mnazungumzia waenda kwa miguu. Huu ni mji wa baiskeli. Mimi napita Barabara ya 9 na baiskeli, asubuhi, mchana, jioni, na wazee wako barazani pande zote mbili. Nikisema kila mmoja "bibi nafika dukani" nitagonga mtu. Napiga kengele, nainua mkono, napita. Mwenye kusikia kasikia.

Mtoto_wa_Makorora
Kengele ni ya kuambia watu ondokeni njiani. Unamwambia bibi ondoka barazani?

Ustadh_Duga
Na tena kwa mafunzo yetu aliyepanda ndiye anayeanza kumsalimia anayetembea, na anayetembea anamsalimia aliyekaa. Wewe umepanda, wao wamekaa. Salamu iko juu yako pande zote mbili za barabara.

FundiKengele
Sijakataa kuanza. Nasema naanza kwa kengele.

Bi_Ukaya
Zamani mtu alikuwa anashuka kwenye baiskeli akimkuta mkubwa, anaikokota mpaka amempita, ndipo anapanda. Wapo wazee bado wanalitazamia hilo. Mimi silitaki, barabara zimejaa bodaboda. Lakini asubuhi, mara ya kwanza, punguza mwendo, weka mguu mmoja chini, toa shikamoo kwa mdomo. Mara ya pili na ya tatu piga kengele yako, inua mkono, nitakuelewa.

FundiKengele
Mguu mmoja chini kwa kila baraza, Barabara ya 9 nzima, nitafika kazini saa 4.

Bi_Ukaya
Toka mapema.

MgeniNgamiani
Leo mchana nimepita na ndoo. Nikasema "bibi, za tangu asubuhi?" Akasema "nzuri mwanangu, maji yametoka?" Nikamwambia yametoka ila kidogokidogo. Akamwita mjukuu wake alete madumu. Sikuambiwa kitu kingine.

Lakini sasa mzee wa nyumba ya mbele, yeye hasikii vizuri. Neno la njiani lolote nikisema anauliza "nani?" na mtaa mzima unageuka. Huyo naye nafanyaje mara ya pili?

Mtoto_wa_Makorora
Huyo dole gumba la Kijana wa Sahare ndiyo mahali pake.

Bi_Ukaya
Msimchezee mzee wa watu. Mguse bega ukipita, kama amekuzoea.

Mhasibu_Chumbageni
Binti wa watu amguse bega mzee wa kiume barazani, Ngamiani? Bi mkubwa hapo hapana.

Bi_Ukaya
Mzee wa umri ule! Haya basi, asimame mbele yake amwone usoni, ainue mkono.

Mhasibu_Chumbageni
Mkono sawa. Bega, hapana.